Umeshamnywesha dawa na bado anadhoofu: tafuta kosa kwenye kiambato, kipimo na duka

Mwezi wa 3, katikati ya mvua, mama mmoja wa kata ninayohudumia huku Gairo alinipigia simu asubuhi. "Bwana mifugo, mbuzi wangu nimewanywesha dawa ya minyoo mara tatu tangu mvua zianze, na kila mara nimebadilisha dawa. Leo nimeamka nimekuta wawili wamekufa."

Nilipofika alinitolea chupa tatu. Moja lebo ya kijani, moja ya bluu, moja nyeupe yenye picha ya kondoo. Majina matatu, kampuni tatu, bei tatu. Nikazigeuza moja moja nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Zote tatu: albendazoli asilimia 2.5. Alikuwa amewapa dawa ileile mara tatu akiamini ameibadilisha.

Kosa hili nalikuta kila msimu wa mvua, kwenye dawa za minyoo na za kupe pia. Ndiyo maana naanza na lebo. Jina kubwa la mbele ni la kampuni. Dawa yenyewe ni kiambato hai, na kinaandikwa kwa herufi ndogo pamoja na kiasi chake. Huhitaji kukariri kemia. Angalia herufi za mwisho za jina la kiambato. Yanayoishia na d-a-z-o-l-e, kama albendazoli, fenbendazoli na oksifendazoli, ni ndugu. Yanayoishia na m-e-c-t-i-n, kama ivamektini na doramektini, ni ndugu wengine. Levamisoli ina ukoo wake, na klosanteli ina wake. Minyoo ikishazoea mmoja wa ukoo, kwa kawaida inawamudu na ndugu zake. Kubadilisha dawa ni kubadilisha ukoo.

Amevimba chini ya taya, macho meupe, lakini haharishi

Dalili hizi ndizo zilizokuwa kwa yule mama. Mbuzi anabaki nyuma ya kundi, asubuhi uvimbe laini unaning'inia chini ya taya kama kifuko cha maji, na kinyesi chake ni cha kawaida kabisa. Watu wengi wanaondoa wazo la minyoo kwa sababu hakuna kuharisha. Mnyoo unaoua mbuzi wengi wakati wa mvua haufanyi kazi kwa kuharisha. Unakaa tumbo la nne na kunyonya damu.

Mshike mbuzi juani, si kivulini. Kwa kidole gumba cha mkono mmoja sukuma kope ya juu ishuke juu ya jicho, kwa kidole cha mkono wa pili vuta kope ya chini, kisha tazama nyama ya ndani ya kope hiyo ya chini. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa ya waridi iliyofifia, damu inapungua. Ikiwa nyeupe kama karatasi, huyo ana siku chache. Wenzetu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, ina ngazi kuanzia 1 iliyo nyekundu hadi 5 iliyo nyeupe. Kwa mbuzi tunatibu kuanzia ngazi ya 3. Weupe wa jicho peke yake hauthibitishi minyoo, kwa sababu kupe wengi au minyoo ya ini nao wanamaliza damu. Lakini mvua ikiwa imekolea, kupe wakiwa wachache na taya imevimba, mtuhumiwa wa kwanza ni huyu mnyonya damu.

Uthibitisho ulio wazi zaidi upo kwenye maiti. Tulifungua tumbo la nne la mmoja wa wale mbuzi waliokufa. Ukimwaga yaliyomo kwenye beseni na kuongeza maji kidogo, unawaona: nyuzi nyembamba za urefu wa sentimita 2 hadi 3, zimezungukwa na mistari myekundu na myeupe kama kamba iliyosokotwa. Wekundu ni damu waliyokunywa. Yule mama alichutama akatazama beseni kwa muda mrefu bila kusema neno.

Sasa, kwa nini dawa haikuwaua? Nilimuuliza alipima vipi. "Mililita 5 kila mmoja, kama alivyoniambia muuzaji." Mkubwa na mdogo sawa.

Tukamfunga kamba mbuzi mmoja wa wastani tukampima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya mahindi. Kilo 30. Hesabu yake ni hii. Dawa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 za albendazoli kwenye kila mililita. Mililita 5 ni miligramu 125, yaani kama miligramu 4 kwa kilo moja ya mbuzi huyu. Kipimo ambacho lebo nyingi huandikia kondoo ni miligramu 5 kwa kilo, na hicho chenyewe hakimtoshi mbuzi. Ini la mbuzi linavunja albendazoli haraka kuliko la kondoo, dawa inatoka mwilini kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo wataalamu wa mifugo humpa mbuzi mara mbili ya kipimo cha kondoo, yaani miligramu 10 kwa kilo. Kwa mbuzi wa kilo 30 ni miligramu 300, na hizo ni mililita 12. Alikuwa anatoa chini ya nusu.

Kipimo kidogo kina ubaya wa pili, na huo unakaa zizini miaka. Kinaua minyoo dhaifu na kubakiza yenye ukinzani, halafu hiyo iliyobaki ndiyo inayotaga mayai malishoni.

Hapa kuna mtego mmoja wa duka. Albendazoli huuzwa kwa nguvu mbili zilizozoeleka, asilimia 2.5 na asilimia 10. Chupa zinafanana. Ukihamisha "mililita 12" kutoka chupa ya kwanza kwenda ya pili, umempa mbuzi dawa mara nne. Kwa asilimia 10, mbuzi yuleyule wa kilo 30 anahitaji mililita 3. Kila ukinunua chupa mpya, hesabu upya. Na albendazoli usimpe jike aliyepandwa karibuni, hasa mwezi wa kwanza wa mimba, kwa sababu inaweza kuharibu kijusi. Kama beberu anazunguka na majike muda wote na hujui nani ana mimba changa, hiyo ni sababu tosha ya kumuuliza daktari wa mifugo akupe ukoo mwingine.

Angalia na mkono wako pia. Dawa hizi ni za kutikiswa. Unga wake hukaa chini, na usipotikisa chupa vizuri mbuzi wa kwanza wanapata maji na wa mwisho wanapata tope. Bomba la kunyweshea liingie pembeni mwa mdomo, lipite juu ya ulimi hadi nyuma, na kichwa kibaki usawa. Ukikiinua sana dawa inaingia mapafuni, na siku mbili baadaye unatibu kikohozi ulichokisababisha mwenyewe.

Kipimo umekirekebisha, na bado hawapati nafuu

Tulirudia albendazoli kwa kipimo sahihi, lakini safari hii hatukuiamini kwa macho. Kabla ya kunywesha tulichukua kinyesi cha mbuzi 10 moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa, kila mmoja kwenye kimfuko chake chenye namba, tukaviweka kwenye boksi lenye barafu bila kuvigandisha, na siku hiyohiyo vikapelekwa maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, kituo cha Dodoma. Ukiwa upande wa Morogoro, maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine nazo zinapima. Siku 14 baada ya dawa tukachukua tena kwa mbuzi walewale.

Mara ya kwanza wastani ulikuwa mayai 2,400 kwa gramu. Mara ya pili 900. Mtu akiangalia haraka atasema dawa imefanya kazi, maana mayai yamepungua. Lakini dawa inayofanya kazi inatakiwa kupunguza mayai kwa asilimia 95 au zaidi. Hapa yamepungua kwa asilimia 62 na nusu. Kipimo kilikuwa sahihi, dawa ilikuwa na namba ya usajili, chupa ilikuwa mpya. Kilichobaki ni minyoo yenyewe: kundi lile lina minyoo iliyozoea ukoo wa albendazoli.

Daktari wa mifugo wa wilaya alituhamishia kwenye levamisoli. Hiyo nayo nasisitiza isitolewe kwa kukadiria. Nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo kuliko ya albendazoli. Mnyama aliyezidishiwa anatetemeka, anatoka mate, anahangaika. Mbuzi wote wakapimwa uzito kwanza, na kipimo akakiweka daktari mwenyewe. Waliotibiwa ni wale wa ngazi ya 3, 4 na 5 tu. Wenye macho mekundu tuliwaacha makusudi, ili malishoni yabaki mayai ya minyoo ambayo haijakutana na levamisoli. Ukiwanywesha wote siku moja na kuwahamishia malisho mapya siku hiyohiyo, mayai pekee yatakayodondoka huko ni ya minyoo iliyoishinda dawa.

Siku ya kumi uvimbe wa taya ulikuwa umekauka kwa wote isipokuwa mmoja, na huyo naye alikuwa anakula.

Kama baada ya kubadilisha ukoo bado hali ni ileile, rudi nyuma ujiulize kama unatibu mnyoo sahihi. Mbuzi au ng'ombe wanaochunga pembezoni mwa mto, bwawa au mashamba ya mpunga, wanaovimba taya na kukonda polepole hata kiangazi kikishaanza, huenda wana minyoo ya ini, ile bapa kama jani. Ivamektini haiigusi kabisa. Albendazoli kwa kipimo kikubwa inaua iliyokomaa tu na kuiacha michanga ikiendelea kutoboa ini. Triklabendazoli ndiyo inayoua na michanga.

Na kuna malalamiko mengine nayasikia sana: "Nimechoma ivamektini, bado naona minyoo kama punje za mchele kwenye kinyesi." Hivyo ni vipande vya tegu, na ivamektini haiui tegu. Dawa haijashindwa, umeitumia kwa adui asiye wake. Tegu hawa wa mbuzi wanatisha kwa macho kuliko wanavyodhuru, kwa hiyo usiache kumtazama macho mbuzi huyo ukidhani punje zile ndizo shida yake yote.

Vitoto vya miezi 1 hadi 4 vikiharisha choo chenye damu, tena vikiwa vimebanwa kwenye banda lenye unyevu, usivibebeshe dawa ya minyoo mara mbili mbili. Mara nyingi ni koksidia, ambayo si minyoo, na hutibiwa kwa dawa kama ampuroliamu au za salfa. Mpigie afisa wako siku hiyohiyo, kwa sababu kitoto kinaweza kuisha maji kwa usiku mmoja.

Umeogesha ng'ombe, kupe bado wamemjaa

Kwa kupe swali la kwanza ni: kupe gani, na unawaona siku ya ngapi?

Siku ya pili baada ya kuogesha, shika sikio, inua mkia, pitisha mkono kwenye kiwele na mapajani. Ukikuta kupe walionenepa, wenye tumbo la kijivu lililojaa damu na bado wanashika kwa nguvu, hao waliiona dawa na wakapona. Ukikuta siku ya nne au ya tano kupe wadogo, bapa, wepesi kutembea, hao ni wapya kutoka malishoni. Dawa haijashindwa, muda wake wa kuzuia umepita. Watu wengi wanaitupa dawa nzuri kwa ajili ya kundi hili la pili.

Wakiwa wa kundi la kwanza, pima mchanganyiko kabla ya kulaumu dawa. Kijana mmoja aliniambia amitrazi ya asilimia 12.5 haifai tena kijijini kwao. Nikamwomba anionyeshe anavyochanganya. Alijaza bomba la mgongoni lita 20, akamimina dawa kwenye kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja, akatikisa. Nilichukua bomba la sindano nikanyonya maji yaliyojaza kifuniko kile: mililita 7. Lebo ya chupa yake ilisema mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 40 kwa bomba zima. Alikuwa anaogeshea chini ya moja ya tano ya dawa inayotakiwa.

Halafu bomba hilohilo lilikuwa linatosha ng'ombe 11. Ng'ombe mkubwa, ili alowe hadi maji yadondoke kutoka tumboni na kwenye kwato, anahitaji karibu lita 10. Kwa hiyo bomba la lita 20 ni la ng'ombe wawili, na chupa ya mililita 100, ambayo kwa kipimo hiki inatengeneza lita 50, ni ya ng'ombe watano. Najua hesabu hii inauma mfukoni. Ndiyo maana penye josho linalofanya kazi na maji yake yanapimwa nguvu, mara nyingi linamfaa mfugaji wa ng'ombe wengi kuliko bomba. Anayetumia bomba aanzie kichwani, aingize dawa ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja na kwenye kwato. Amwogeshe asubuhi siku isiyo na wingu la mvua. Mchanganyiko uliobaki usiuhifadhi hadi wiki ijayo, hasa wa amitrazi, kwa sababu unapoteza nguvu ukikaa kwenye maji. Wala usiumwage karibu na mto au kisima.

Mchanganyiko ukiwa sahihi, ng'ombe akalowa vizuri, na siku ya pili kupe walionenepa bado wapo, sasa shuku ukinzani. Anayeuonyesha mapema ni yule kupe wa bluu, mdogo, anayejaa shingoni na ubavuni. Huyu anakulia kwenye mnyama mmoja tangu buu hadi mkubwa, kwa hiyo kila hatua ya maisha yake inakutana na dawa uliyopaka, na waliobaki ndio wanaozaa. Hapa soma tena herufi za mwisho. Saipamethrini, alfasaipamethrini, deltamethrini na flumethrini zote zinaishia t-h-r-i-n, na ni ukoo mmoja, iwe ya kunyunyiza au ya kumwagia mgongoni. Ukitoka deltamethrini kwenda flumethrini hujatoka nyumbani. Toka huko nenda amitrazi, au kinyume chake, kisha ukae na huo mpya kwa muda ambao afisa wako atakwambia. Kubadilisha kila wiki kunawafundisha kupe kuzikabili zote. Jua pia unachokipoteza ukihama: amitrazi haiui mbung'o wala nzi, na ukoo wa t-h-r-i-n unawaua. Penye mbung'o hilo lina uzito. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja kwa akili yako.

Ng'ombe akipata homa, tezi za chini ya sikio au mbele ya bega zikavimba, shuku ndigana kali, na kuogesha hakumponyi. Mwite daktari leo. Kupe wa masikio anayeileta anahitaji kushika kwa siku kama tatu au nne kabla hajapitisha ugonjwa, na ndiyo maana kwenye maeneo yenye ndigana nyingi afisa anaweza kukuambia uogeshe mara mbili kwa wiki.

Kuhusu ivamektini kwa kupe: wafugaji wanaipenda kwa sababu ni sindano moja. Ng'ombe wa kilo 250, kwa dawa ya asilimia 1, anapata mililita 5 chini ya ngozi. Inasaidia kwa upele, chawa na minyoo ya duara. Kwa kupe wa masikio isichukue nafasi ya kuogesha. Na ng'ombe unayemkamua maziwa ya kunywa au kuuza usimchome.

Dawa yenyewe ikiwa ndiyo mwongo

Ukishapita uzito, kipimo, mnyoo sahihi na ukoo, ndipo shuku chupa.

Nunua duka la dawa za mifugo lenye kibali kimebandikwa ukutani na mtu aliyesomea akihudumia. Usinunue mnadani chini ya turubai, wala dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kama muuzaji ni jirani yako. Chupa hiyo haijaandikwa kiambato, nguvu wala tarehe, na mtoto anaweza kuinywa. Tazama dawa imewekwa wapi. Chupa iliyokaa dirishani jua likiipiga tangu kiangazi sitaichukua hata ikiwa na muda wa mwaka mmoja mbele.

Kabla ya kulipa soma mambo manne: kiambato na asilimia yake, namba ya usajili, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho. Dawa za mifugo Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, na orodha ya zilizosajiliwa ipo kwenye tovuti yao, kwa hiyo kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutafutia jina kabla hujatoa hela. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye chupa. Zikitofautiana, rudisha. Muulize muuzaji, "Hii ni ya ukoo gani, na ng'ombe wa kilo 250 anapata kiasi gani?" Akijibu kwa rangi ya lebo, au akasema "wape kifuniko kimoja kimoja," ondoka. Yule mama siku hizi huenda dukani na kikaratasi nilichomwandikia kiambato, asilimia na uzito wa mbuzi wake. Muuzaji akimletea chupa, anaigeuza kwanza nyuma.

Dai risiti iliyoandikwa jina la dawa na namba ya toleo. Dawa ikikushinda baada ya kufuata haya yote, usiitupe chupa. Ifunge na dawa iliyobaki ndani, iweke pasipo na jua, andika siku uliyoitumia, wanyama wangapi na uzito wao, kisha uipeleke pamoja na risiti kwa afisa mifugo ili aripoti TMDA. Bila chupa na namba ya toleo, hakuna cha kwenda kupima.